Kujipakulia, Kupakuliwa au Kuletewa Mezani: Njia Tatu za Kulisha Wageni 200 Harusini

Kamati ikisema kwamba chakula cha harusi kitakuwa bufe, huwa haijaamua jambo lolote kubwa, kwa sababu ndani ya neno hilo zimo njia mbili zilizo tofauti kabisa, na nje yake ipo ya tatu. Katika njia ya kwanza mgeni hushika sahani na kujipakulia kila kitu mwenyewe. Katika ya pili hupita mbele ya meza ileile, lakini upawa umeshikwa na mhudumu aliyesimama nyuma ya meza. Katika ya tatu mgeni hainuki, kwa kuwa sahani hupakuliwa jikoni na kuletwa alipoketi. Vyakula vinaweza kuwa vilevile na mpishi akawa yuleyule, lakini idadi ya kuku wa kununua, idadi ya wahudumu wa kulipa, saa ya kuwasha moto na nafasi inayohitajika ukumbini hubadilika kulingana na njia iliyochaguliwa.

Nimezilinganisha njia hizo tatu kwa vigezo vinne: kiasi cha chakula, wahudumu, mpangilio wa meza pamoja na foleni, na ratiba ya siku. Bei sikuzitaja, kwa sababu bei ya nyama na nyanya hapa Dodoma hubadilika kwa majira, lakini mwenye kiasi mkononi anaweza kuuliza bei sokoni na kuzidisha mwenyewe.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue harusi moja ya mfano. Ni Jumamosi ya mwezi Juni, katika ukumbi wenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 25, na wageni wamekaa kwenye meza 20 za watu 10. Chakula ni pilau ya ng'ombe, wali mweupe, kuku wa kukaanga, rosti ya nyama ya ng'ombe, maharage, mchicha, kachumbari na matunda. Wapishi wako nyuma ya ukumbi, wanatumia kuni, mkaa na majiko mawili ya gesi.

Kwanza, watu 200 ni watu wangapi?

Kadi ndizo zinazohesabiwa, lakini wanaokula ni watu. Katika mfano wetu kamati imetoa kadi 70 za dabo na kadi 60 za singo, ambazo kwa pamoja ni wageni 200 kamili. Hesabu hiyo haina mshereheshaji, wapiga muziki, wapiga picha, wapambaji, walinzi wala madereva waliowaleta wazee kutoka Kondoa au Mpwapwa, na wote hao watakula. Haina pia watoto wanaoingia wameshikwa mkono. Kwa upande wa pili, baadhi ya wenye kadi za dabo watakuja peke yao. Kwa ukumbi wa ukubwa huu, kupanga sahani 225 ni makadirio ya busara, na namba hiyo ndiyo nitakayoitumia kwa njia zote tatu.

Tofauti ya kweli inaanza hapo. Mgeni anayejipakulia hapimi kwa tumbo bali kwa jicho, na aliye mwanzoni mwa foleni hajui ni watu wangapi wako nyuma yake. Wali hupungua kwa kasi ya kawaida, lakini kuku hupungua kwa kasi ya kutisha, kwa kuwa wengi huchukua vipande viwili na wachache huchukua vitatu. Mhudumu akishika koleo, kipande ni kimoja, na anayetaka kingine huombwa arudi wote wakishapata. Jikoni hali ni thabiti zaidi, kwa kuwa sahani zote hufanana.

Kwa hiyo, kwa sahani 225, hiki ndicho kiasi cha vyakula vinavyotofautiana sana, vyote vikiwa vibichi:

| Chakula | Kujipakulia | Kupakuliwa | Kuletewa mezani |
|---|---|---|---|
| Mchele (pilau na wali) | kilo 30 | kilo 25 | kilo 23 |
| Kuku wazima | 50 | 30 | 30 |
| Nyama ya rosti | kilo 34 | kilo 27 | kilo 23 |
| Maharage makavu | kilo 8 | kilo 7 | kilo 6 |

Safu ya kuku inahitaji maelezo. Kuku mmoja wa kisasa hukatwa vipande vinane, hivyo kuku 30 ni vipande 240, yaani kimoja kwa kila sahani na akiba ya vipande 15. Kuku 50 ni vipande 400, ambavyo ni chini kidogo ya viwili kwa kila mtu. Kamati inayonunua kuku 30 na kisha kuwaachia wageni wajipakulie imejitengenezea aibu kwa mikono yake, kwani meza sita au saba za mwisho zitakuta mchuzi. Kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko linavyopaswa, kwa sababu anayenunua kuku na anayepanga bufe hawakai kikao kimoja.

Kwa rosti, kumbuka kwamba nyama isiyo na mfupa hupoteza karibu theluthi moja ya uzito wake inapoiva, hivyo gramu 100 mbichi huishia gramu 65 au 70 kwenye sahani. Nyama yenye mifupa inahitaji uzito mkubwa zaidi ya huo, na anayenunua mbuzi wazima katika mnada wa Msalato asihesabu uzito wa mbuzi aliye hai, kwa kuwa nyama na mifupa inayobaki baada ya kuchinja na kuchuna huwa karibu nusu tu. Pilau nayo inataka nyama yake, takriban kilo moja kwa kila kilo tatu za mchele, mbali na iliyo kwenye jedwali.

Kachumbari, mchicha na matunda havibadiliki sana kutoka njia moja hadi nyingine. Kilo 12 za nyanya na kilo 6 za vitunguu zinatosha. Matunda ni bora yawe tikiti na ndizi mbivu, na zabibu zetu zikiwa msimu. Kwa upande wa vinywaji, soda mbili kwa kila mgeni ni kreti 17 za chupa 24, na maji yahesabiwe chupa mbili za nusu lita kwa kila mtu. Jambo moja zaidi kwa harusi za hapa: wazee wengi wa Kigogo hawahesabu wali kuwa ni mlo uliokamilika. Ugali wa kilo tatu za unga na sufuria ndogo ya mlenda, vikipelekwa moja kwa moja kwenye meza zao, huleta heshima kubwa kwa gharama ndogo, na jambo hilo linawezekana katika njia zote tatu.

Wahudumu

Jikoni mahitaji yanakaribiana: mpishi mkuu mmoja, wapishi watatu na wasaidizi wanne wa kukata, kuosha na kuchochea moto. Mbele ya wageni ndiko tofauti iliko.

Bufe ya kujipakulia inaridhika na mhudumu mmoja kwa kila wageni 25, yaani wanane, ambao kazi yao ni vinywaji na kuondoa sahani chafu, pamoja na watatu wa kujaza vyombo vinavyopungua. Jumla ni 11. Hawa watatu wa kujaza wasipunguzwe hata kidogo. Chombo cha pilau kikiisha, foleni yote husimama, na kila dakika ya kumsubiri mtu aende jikoni ni dakika ya watu 200.

Bufe ya kupakuliwa inaonekana ghali kwa sababu kila mstari unahitaji watu wanne nyuma ya meza: mmoja wa wali na pilau, mmoja wa maharage na mchicha, mmoja wa rosti na mmoja wa kuku. Kwa mistari miwili hao ni wanane. Hata hivyo wanane hao si lazima wawe watu wapya. Vinywaji vikigawiwa vyote kabla bufe haijafunguliwa, wahudumu walewale wa vinywaji wanaweza kuhamia nyuma ya meza kwa nusu saa, wakabaki wawili tu wakizunguka ukumbini. Ukipanga hivyo, watu 13 wanatosha: wanane wa kupakua, wawili wa kuzunguka na watatu wa kujaza. Usipopanga hivyo utalipa watu 19.

Kuletewa mezani kunahitaji mtu mmoja kwa kila meza ya watu 10, yaani wahudumu 20, na zaidi ya hao watu 12 wa kupakua jikoni kwa mistari miwili ya watu sita. Wapishi na wasaidizi wanaweza kujaza nafasi nane kati ya hizo 12, kwa kuwa muda huo moto umeshatulia. Bado unabaki na watu 24 wa kutafuta, na kwa kazi hii si kila kijana mwenye shati jeupe anafaa. Mhudumu asiyezoea kubeba sinia lenye sahani tano hupunguza kasi ya wote walio nyuma yake, na sahani moja ikimwagika kwenye gauni la mama mkwe, habari ya harusi itakuwa hiyo. Anayechagua njia hii aulize mapema kama kundi analolikodi limewahi kuhudumia mezani, siyo kama limewahi kuhudumia harusi.

Mpangilio wa meza na urefu wa foleni

Hapa ndipo kamati nyingi huumia, na hesabu yake ni rahisi. Kwa vyakula saba, mbali na matunda, mgeni mmoja anayejipakulia hutoka mwisho wa meza kila baada ya sekunde 18 hivi. Kama meza ni moja na watu wanapita upande mmoja tu, wageni 200 ni sekunde 3,600, ambazo ni saa nzima. Meza ileile ikivutwa mbali na ukuta ili watu wapite pande zote mbili, muda unakuwa nusu saa. Zikiwekwa meza mbili, kila moja ikiwa na pande mbili, hesabu inatoa robo saa, ingawa kwa kweli itakuwa dakika 20 hadi 25 kwa sababu ya watu kuitwa, kunyanyuka na kusalimiana njiani.

Kuvuta meza kutoka ukutani hakugharimu chochote isipokuwa nafasi na seti ya pili ya miiko, na ni ajabu jinsi kumbi nyingi zinavyoendelea kubandika bufe ukutani. Vyakula hivyo saba, sahani na vijiko vinahitaji meza tatu za mita 1.8 zilizounganishwa, yaani urefu wa mita 5.4. Upana wa meza ni kama sentimita 75, na kila upande unaopitiwa unahitaji mita moja na nusu, ili mtu mwenye sahani iliyojaa apishane na anayeingia. Bufe moja ya pande mbili inakula basi upana wa karibu mita 3.75.

Katika bufe ya kupakuliwa, wahudumu wanasimama upande mmoja, hivyo kila meza ina mstari mmoja tu. Kasi yake ni nzuri zaidi kidogo, takriban sekunde 15 kwa mgeni, kwa sababu mhudumu hasiti wala hachagui. Kwa meza mbili, wageni 200 humalizika kwa dakika 25 za hesabu, na kwa vitendo dakika 30. Njia hii haiokoi nafasi kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa mhudumu naye anahitaji karibu mita moja nyuma ya meza.

Mpangilio wa vyakula ni uleule kwa bufe zote mbili: sahani kwanza, kisha wali, pilau, maharage, mchicha, rosti, kuku na mwisho kachumbari. Nyama hukaa karibu na mwisho kwa makusudi, kwa sababu sahani ikiwa imeshajaa, mkono huwa mpole. Vijiko na karatasi za kufutia mikono viwe mwishoni kabisa, maana anayevichukua mwanzoni hubaki na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Matunda yawe na meza yake mbali na mstari, na vinywaji visionekane kabisa karibu na bufe.

Kuna sehemu moja ambayo huvuruga mahesabu yote haya, nayo ni kunawa mikono. Kamati inaweza kuweka mistari minne ya bufe na bado wageni wakasimama, kwa kuwa kuna tangi moja lenye bomba moja mlangoni. Mtu akinawa kwa sekunde 15, bomba moja linapitisha watu wanne kwa dakika, wakati mistari minne ya bufe inaweza kupokea 13. Utakuwa umelipia mistari minne na kutumia mmoja. Tiba ni kuweka mabomba manne, au kuwanawisha wageni wakiwa mezani kwa jagi na beseni dakika kumi kabla ya meza yao kuitwa.

Kuletewa mezani hakuna foleni ya wageni, lakini kuna foleni ya sahani. Mstari wa watu sita waliozoeana hupakua sahani sita kwa dakika. Mistari miwili hutoa 12, hivyo sahani 200 zinachukua dakika 17, na zote zikiwa mezani ni kama dakika 20 au 25 tangu amri ilipotolewa. Ukumbi unabaki na nafasi iliyokuwa ya bufe, ambayo kwa mfano wetu ni karibu mita 40 za mraba, sawa na meza nne za wageni au uwanja mzuri wa kucheza. Kwa upande mwingine, jikoni au karibu na mlango wa nyuma lazima pawe na meza ndefu mbili za kupakulia, mwanga wa kutosha na njia ya upana wa mita moja isiyo na hatua za ngazi kati ya meza za wageni. Kama jikoni liko ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari, sahani zitafika zimepoa, na hasa mwezi Juni na Julai, ambapo usiku wa Dodoma una baridi ya kweli.

Ratiba ya siku

Ratiba hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kula. Tuseme bufe inafunguliwa saa 2:30 usiku. Vitu vikavu vinanunuliwa Alhamisi. Ijumaa ni siku ya nyanya, vitunguu na matunda kutoka soko la Majengo au soko la Job Ndugai, na usiku wake maharage yanalowekwa. Kuloweka si hiari hapa kwetu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto karibu 96, na maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kumla mpishi mchana mzima pamoja na mkaa wake.

Jumamosi saa 2 asubuhi nyama inafika na kukatwa. Maharage yanaingia motoni saa 4. Rosti inaanza saa 9 alasiri. Kuku wanachemshwa saa 11 jioni, na kukaanga kunaanza saa 12:45. Kuhusu kukaanga, hesabu ni hii: karai mbili zenye vipande 25 kila moja hutoa vipande 50 kila dakika kumi, kwa hiyo vipande 400 vya kujipakulia vinataka dakika 80, na vipande 240 vya njia nyingine mbili vinamalizika kabla ya saa moja kutimia. Ni nusu saa nzima ya tofauti, na mwenye karai moja atazidisha yote mara mbili.

Pilau ya kilo 20 isipikwe katika sufuria moja. Chini itaungua huku juu mchele ukiwa na kiini. Ipikwe katika sufuria mbili za kilo kumi, ya kwanza ikianza saa 11:30 na ya pili saa 12, kila moja ikikamilika kwa karibu saa moja na nusu pamoja na kupalia mkaa juu ya kifuniko. Pilau iliyofunikwa vizuri na kupaliwa hubaki ya moto kwa zaidi ya saa moja, na hilo ni jambo la thamani kubwa kwa sababu maharusi watachelewa.

Kuchelewa huko kusihesabiwe kama ajali. Baada ya ibada kuna picha, baada ya picha kuna msafara, na kadi iliyoandikwa saa 12 jioni huwa na maana ya saa 2. Kwa hiyo ninashauri vyakula vigawanywe makundi mawili. Pilau, rosti na maharage hufuata saa, kwa kuwa vinavumilia kusubiri na rosti inaweza kuchemshwa upya. Mchicha, mzunguko wa mwisho wa kuku na kuchanganya kachumbari hufuata tukio: visianze mpaka mtu aliye kwenye msafara apige simu kwamba magari yameondoka kwenye picha. Mchicha uliosubiri saa moja hugeuka mweusi na kutoa maji, na kachumbari yenye chumvi hulegea.

Njia tatu zinauvumilia ucheleweshaji kwa viwango tofauti. Bufe ya kujipakulia hudhoofika pale ambapo vyombo vimeshatolewa na kufunguliwa ili meza ipendeze, kisha hotuba zikaendelea. Kanuni ni kwamba chakula cha moto kibaki juu ya nyuzijoto 60, na kikishuka chini ya hapo kisikae zaidi ya saa mbili. Wali ndio unaodanganya zaidi, kwa kuwa vijidudu vinavyostahimili kupikwa huzaliana ndani ya wali wa uvuguvugu na kuacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi, na wali huo haunuki wala haubadiliki rangi. Anayetaka kuhakikisha na hana kipimajoto achome kijiko kirefu cha chuma hadi katikati ya chombo kwa nusu dakika: kikitoka kinashikika bila kuunguza, chakula kirudi motoni. Bufe ya kupakuliwa ina hatari ileile, ila mhudumu aliyesimama pale anaweza kufunika baada ya kila mgeni, jambo ambalo mgeni hafanyi.

Kuletewa mezani ni njia ngumu kuliko zote katika hili, lakini pia ni salama kuliko zote ikiongozwa vizuri. Chakula hubaki ndani ya sufuria mpaka dakika ya mwisho. Sharti lake ni kwamba mpishi mkuu na mshereheshaji wazungumze, na amri ya kuanza kupakua itolewe na mtu mmoja tu. Sahani 80 zikishapakuliwa, kisha mzee akaombwa aseme neno fupi, hakuna namna ya kuzirudisha sufuriani, na neno la mzee halijawahi kuwa fupi.

Katika njia zote mbili za bufe, mshereheshaji aite meza mbili mbili, akianzia na walio mbali na bufe badala ya walio karibu, na asiite nyingine mpaka nusu ya zilizotangulia wamepata. Meza kuu na wazazi wa pande zote mbili wapelekewe walipo, kwa wahudumu wawili waliotengwa, dakika tano kabla ya bufe kufunguliwa.

Nani achague nini

Familia yenye mifugo yake au yenye bajeti pana ya nyama, ambayo ukumbi wake ni mpana na haitaki mgeni ahisi anapimiwa, itafurahia bufe ya kujipakulia. Inunue kuku 50, ivute meza kutoka ukutani na iweke mbili. Kama uwezo wa kuku 50 haupo lakini hamu ya kujipakulia ipo, kuna njia ya kati: wageni wajipakulie vyote isipokuwa kuku na rosti, ambavyo vinasimamiwa na mtu mmoja mwishoni mwa kila mstari. Watu wanne hivi wa ziada kwa meza mbili za pande mbili hugharimu chini ya kuku 20, na kwa harusi nyingi za michango hapa mjini mimi ningeanzia hapo kufikiri.

Kamati iliyokusanya michango kwa tabu na inayojua idadi yake vizuri itafaidika na bufe ya kupakuliwa. Inafaa pia pale ambapo kadi zimeenea kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu mhudumu anaweza kuambiwa katikati ya zoezi apunguze upawa, wakati mgeni haambiwi hivyo. Wahudumu wafundishwe maneno mazuri ya kumwambia anayeomba kipande cha pili, maana hapo ndipo njia hii huchukiza watu.

Kuletewa mezani kunafaa harusi yenye wageni wengi wazee, au ya wageni wa kiserikali wanaoondoka mapema, au ukumbi mwembamba usio na pa kuweka bufe, ilimradi jikoni liwe limeungana na ukumbi na wahudumu wawe wenye uzoefu. Haifai kwa sherehe ya hema katika uwanja wa nyumbani. Kwa sherehe kama hiyo, hasa Agosti na Septemba pepo zinapokuwa kali, bufe yoyote iwekwe upande uliokingwa na ukuta wa nyumba, kwa kuwa upepo huzima moto wa chini ya vyombo vya bufe na kuleta vumbi ndani ya kachumbari. Na ikiwa ni kati ya Desemba na Aprili, hema la wapishi lilipiwe pamoja na la wageni, kwani mvua ikikuta mafiga wazi saa 12 jioni, hakuna njia yoyote kati ya hizi tatu itakayotoa chakula saa 2:30.